Bili Moja, Sahani Nne

Tuchukue marafiki wanne waliotoka Jinja asubuhi, wakapita Iganga na barabara ya Tirinyi, na kufika Mbale wakiwa na njaa. Mmoja anaagiza samaki mzima wa 40,000 na bia mbili za 7,000 kila moja. Wa pili anachukua kuku wa 28,000 na soda ya 3,000. Wa tatu anakula matoke ya 14,000 na kunywa maji ya 2,000. Wa nne tumbo linamsumbua, anaomba chai tu ya 5,000. Katikati ya meza inawekwa sahani ya malewa ya 18,000, yale machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon ambayo Wamasaba huyapika kwa karanga. Mnywa chai hayagusi.

Bei hizi ni za mfano, lakini ugomvi unaofuata kila mtu anaujua. Bili inakuja: chakula na vinywaji 124,000, ada ya huduma asilimia 10 yaani 12,400, jumla shilingi 136,400. Mmoja anaipiga picha na kusema, "Tugawe kwa nne." Kila mtu atoe 34,100. Mnywa chai amelipishwa zaidi ya mara sita ya alichokunywa, tena bila kuulizwa.

Kugawa sawasawa hubadilisha hata kinachoagizwa. Mwaka 2004 wanauchumi Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe walichapisha jaribio walilolifanya katika mkahawa mmoja huko Haifa, Israeli. Wanafunzi waliketi sita sita. Waliojua kwamba kila mtu atajilipia waliagiza kwa wastani chakula cha shekeli 37 hivi. Walioambiwa bili itagawanywa sawa waliagiza cha shekeli 51 hivi. Sababu yake ni hesabu ndogo: katika meza ya watu sita, nyongeza ya shekeli 12 inakugharimu mbili tu, kwa kuwa kumi zilizobaki wanazibeba wenzako.

Kwa hiyo turudi kwenye picha ya bili, tuisome mstari kwa mstari. Kwanza kila mtu apewe chake. Malewa yanagawanywa kwa watatu walioyala, 6,000 kila mmoja. Hapo wa samaki ana 60,000, wa kuku 37,000, wa matoke 22,000 na wa chai 5,000. Ukijumlisha unapata 124,000, sawa na bili.

Ada ya huduma ndiyo inayowakosesha wengi. Ukiigawa kwa vichwa, kila mtu anatoa 3,100, na mwenye chai ya 5,000 anajikuta analipa huduma inayozidi nusu ya bei ya chai yake. Lakini ada hiyo ilipigwa kwa asilimia ya bei, basi na ifuate bei: kila fungu lizidishwe kwa 1.1. Wa samaki atoe 66,000, wa kuku 40,700, wa matoke 24,200, wa chai 5,500. Jumla ni 136,400, hakuna shilingi iliyopotea.

Kuna mtego mwingine chini ya risiti. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT nchini Uganda anatoza asilimia 18, na mara nyingi kodi hiyo imo tayari ndani ya bei za menyu. Risiti inaitaja ili kuonyesha sehemu yake tu. Ndani ya 136,400 kodi ni jumla mara 18 gawanya kwa 118, yaani kama 20,807. Anayeuona mstari huo na kuujumlisha tena anawachangisha wenzake fedha ambazo mkahawa haukuzidai.

Picha nayo hudanganya. Karatasi ya risiti huandikwa kwa joto, maandishi yake hufifia, na kivuli cha mkono huweza kuifanya 8 ionekane 3. Ndiyo maana jumla ya mistari ilinganishwe na jumla iliyochapwa kabla ya kugawa chochote. Zikitofautiana, jaribu kugawa tofauti hiyo kwa 9. Ukisoma 18,000 kama 1,800, tofauti ni 16,200, inayogawanyika kwa 9 bila baki. Ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili zilizo jirani, matokeo ni hayo hayo. Ukisoma kuku wa 28,000 kama 23,000, tofauti ni 5,000, haigawanyiki, basi tafuta tarakimu iliyosomwa vibaya. Hii ni dalili tu, kwani makosa mawili yanaweza kufichana.

Jambo moja hesabu haiwezi kulijua: nani alionja malewa. Hilo linajulikana mezani tu, sahani zikiwa bado hazijaondolewa. Andikeni jina kando ya kila mstari hapo hapo, kisha ndipo mpige picha. Mnywa chai alipe 5,500.