Optokapla kwenye Waya wa Geti

Swichi ya geti ikipeleka volti 12 moja kwa moja kwenye mikrokontrola ya volti 3.3, pini huungua. Optokapla huzuia hilo: ndani yake mna LED inayomulika transista, na baina yao hupita mwanga tu, si umeme.

Kwa PC817, LED hula takriban volti 1.2. Zinazobaki, 10.8, zikipita kwenye rezista ya kiloomu 2.2, hutoa miliampea 5 hivi, mkondo unaotosha. Upande wa pili, emita huungwa kwenye graundi ya mikrokontrola, na kolekta kwenye pini iliyovutwa juu hadi volti 3.3 kwa rezista ya kiloomu 10. Hivyo usomaji hugeuka: volti 12 zikiwapo, pini husoma sifuri.

Kengele inayotumia umeme wa AC ina kasoro yake. LED hiyo haivumilii zaidi ya volti 6 za kinyume, kwa hiyo diodi ya 1N4148 hufungwa sambamba nayo, ikielekea kinyume. Pini nayo hupokea mapigo 50 kwa sekunde, ambayo programu isiyahesabu kama wageni 50.

Graundi mbili zikiunganishwa, utengano wote hupotea.