Mlinzi uliyemwandika kwenye fomu ya bima yuko wapi usiku huu?

Mahindi yakishaingia stoo kuanzia Juni na Julai, mkulima wa Tunduma, Mbozi au Momba anayejua biashara hauzi yote. Anayalaza akisubiri bei ya Desemba na Januari. Hiyo ni miezi sita ambayo mtaji wako wote umekaa nyuma ya mlango mmoja, karibu na barabara kuu ya kwenda Zambia, mahali ambapo fuso iliyopakia usiku haishangazi mtu. Vijana wengi sasa wanakata bima ya wizi kwa ajili ya miezi hiyo, na ni uamuzi mzuri. Tatizo ni kwamba wengi wanasoma kiasi cha fidia tu na kuruka ukurasa wa masharti ya ulinzi. Leo tuusome huo ukurasa.

Kwanza ujue bima hiyo inaita nini wizi. Bima ya wizi wa kuvunja, ambayo ndiyo inayouzwa kwa maghala na maduka, kwa kawaida inataka mwizi awe ameingia au kutoka kwa nguvu, na alama zionekane: kufuli limekatwa, bati limeng'olewa, ukuta umetobolewa. Gunia zikipungua mojamoja bila mlango kuguswa, hiyo kwa macho ya kampuni ni upotevu wa stoo, na hailipi. Vilevile wizi unaofanywa na mfanyakazi wako mwenyewe, au kwa msaada wake, mara nyingi umetolewa nje ya bima hii. Una bima nyingine ya uaminifu wa wafanyakazi kwa ajili hiyo, inakatwa peke yake.

Baada ya hapo ndipo yanakuja masharti ya ulinzi. Yanaandikwa kwa sentensi fupi, na kila neno ndani yake lina uzito. Mfano: "Ghala litalindwa na mlinzi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi." "King'ora kitakuwa kizima na kitawashwa kila ghala linapofungwa." "Milango yote itafungwa kwa kufuli na funguo zitaondolewa eneo la ghala." Wengine wanataja hadi aina ya kitasa, grili za madirisha, na kwamba mlinzi atoke kampuni iliyosajiliwa. Ukiona maneno hayo, usiyachukue kama ushauri wa usalama. Ni ahadi yako. Kampuni imekubali kubeba hatari ya ghala lenye mlinzi na king'ora. Ghala lisilo navyo hawakulikubali kabisa.

Ukali wa ahadi hizi una historia ndefu. Mwaka 1786 mahakama moja ya Uingereza iliamua kesi ya De Hahn na Hartley. Meli iitwayo Juno ilikatiwa bima kwa ahadi kwamba itang'oa nanga Liverpool ikiwa na watu 50 au zaidi. Iliondoka na watu 46. Muda mfupi baadaye ikaongeza sita njiani, wakawa 52, na baadaye sana ikatekwa na maadui. Upungufu ule wa mwanzoni haukuhusiana kabisa na kutekwa, lakini mwenye meli alipoteza fidia kwa sababu ahadi haikutimizwa kama ilivyoandikwa. Waingereza wenyewe wamelegeza kanuni hiyo kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2015: sasa mwenye bima akionyesha kuwa kukiuka sharti kusingeweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea kwa namna ilivyotokea, kampuni haiwezi kujificha nyuma ya sharti hilo. Huku kwetu usitegemee ulegevu huo. Misingi yetu ya bima ilitoka kwenye sheria ile ya zamani, na mkataba wako husomwa kama ulivyoandikwa.

Sasa tupige hesabu. Huu ni mfano wa kutunga, bei nimezifanya rahisi makusudi. Kijana ana ghala pembezoni mwa Tunduma, gunia 500 za kilo 100, tuseme kila moja sh. 60,000. Amekata bima ya wizi ya sh. milioni 30, akalipa ada ya sh. 300,000. Hati inasema atabeba mwenyewe asilimia 10 ya kila hasara. Kwenye fomu ya maombi wakala alimuuliza, "Una mlinzi?" Akajibu ndiyo, na kweli alikuwa naye, kwa mshahara wa sh. 150,000 kwa mwezi. Mwisho wa Agosti akamwachisha kazi. Mtoto wa kaka yake alikuwa analala nyumba ya jirani, akaona inatosha.

Mwishoni mwa Novemba wezi wanakata kufuli na kupakia gunia 100 kwenye fuso. Hasara ni sh. milioni 6. Mlinzi angekuwepo na wezi wakamzidi nguvu, kampuni ingetoa asilimia 10, yaani sh. 600,000, na kumlipa sh. milioni 5.4. Mkadiria hasara anafika, anaomba kuongea na mlinzi wa usiku ule. Hayupo. Anaomba ushahidi wa mshahara wa Septemba, Oktoba na Novemba. Haupo. Dai linakataliwa. Kijana ameokoa mishahara ya miezi mitatu, sh. 450,000, na amepoteza sh. milioni 5.4 ambazo zilikuwa haki yake. Ile ada ya laki tatu nayo imekwenda. Na kama mahindi yale ndiyo dhamana ya mkopo wa pembejeo, benki bado inamsubiri.

Lakini tubadilishe kidogo mambo, maana maisha hayaendi kwa mfano mmoja. Tuseme mlinzi alikuwepo ila alisinzia. Hapo mwenye ghala yuko pazuri zaidi, kwa sababu hati nyingi zinadai mlinzi awepo, na yeye alimweka. Soma hata hivyo kama hati yako inasema "awepo" au "awe macho na kuzunguka kila saa". Hilo la pili limewaangusha watu. Tuseme mlinzi ndiye aliyefungua mlango. Ukiwa umemwajiri wewe, unaangukia kwenye wizi wa mfanyakazi, na kufuli halina hata mkwaruzo. Ukiwa umemchukua kutoka kampuni ya ulinzi, si mfanyakazi wako, na kampuni yake unaweza kuidai kwa mkataba wenu. Ndiyo maana mlinzi wa kampuni ni ghali zaidi lakini mara nyingine anastahili ile tofauti.

Na sungusungu? Wapo vijijini Mbozi na Momba wanaofanya kazi nzuri sana. Ila doria ya kijiji inayopita saa nane usiku sio mlinzi wa ghala lako. Kama ulinzi shirikishi ndio ulio nao, uandike hivyo hivyo kwenye fomu, usiuite mlinzi.

King'ora kina mitego yake. Umeme ukikatika na betri imekufa, king'ora hakipo. Vile vya kutuma ujumbe kwa laini ya simu vinanyamaza laini ikifungiwa au salio likiisha, na hakuna anayegundua mpaka siku ya tukio. Nimeona pia watu wanaokizima msimu mzima kwa sababu panya na popo wanakiamsha kila usiku. Ikiwa hati inasema kiwe kizima na kiwashwe, hiyo ni miezi sita ya kukiuka sharti. Kijaribu kila wiki, andika tarehe. Kikiharibika, ijulishe kampuni siku hiyo hiyo na weka mlinzi wa ziada mpaka fundi afike.

Funguo ndizo zinazosahaulika kuliko vyote. Ufunguo wa akiba unaoning'inia nyuma ya mlango wa ofisi iliyo ndani ya uzio huo huo unavunja sharti la funguo kuondolewa eneo la ghala. Tena mwizi akiupata, anafungua taratibu, anafunga, anaondoka, na wewe huna alama ya kuvunja ya kumwonyesha mkadiria. Umekosa mara mbili kwa ufunguo mmoja.

Mzizi wa mambo mengi haya ni ile fomu ya maombi. Chini yake mara nyingi pana maneno kwamba majibu yako ndiyo msingi wa mkataba. Wakala akikujazia haraka haraka, akaweka vema kwenye "mlinzi", "king'ora" na "grili" ili ada ishuke, sahihi ni ya kwako. Bora ada iwe juu kidogo kwa ghala lilivyo kweli. Na masharti yanajadilika kuliko wengi wanavyodhani, ilimradi mjadiliane kabla ya kusaini. Huna umeme wa uhakika? Omba sharti la king'ora liondolewe, liwekwe la walinzi wawili. Ghala lako huwa tupu Februari mpaka Mei? Omba sharti la mlinzi lifanye kazi pale tu gunia zinapozidi idadi mtakayokubaliana, usije ukamlipa mtu alinde sakafu. Mabadiliko yakikubaliwa, yatolewe kama nyongeza ya maandishi kwenye hati yenye muhuri wa kampuni. "Haina shida, kaka" ya wakala kwenye simu haitakusaidia Novemba.

Yule kijana wa mfano wetu alikuwa na njia kama hiyo mwisho wa Agosti. Barua moja: nimemwachisha mlinzi tarehe fulani, naomba mnipe masharti mapya. Kampuni ingeweza kupandisha ada au kukataa, lakini angejua anasimama wapi akiwa bado na gunia 500.

Uthibitisho nao ujengwe kabla ya wizi. Daftari la mlinzi lenye sahihi ya kuingia na kutoka, mshahara ulipwe kwa simu ili ujumbe ubaki, picha za makufuli na grili siku bima inaanza, na daftari la stoo linaloonyesha gunia zilizoingia na kutoka. Siku ya tukio toa taarifa polisi upate namba ya RB, ijulishe kampuni ndani ya muda uliotajwa kwenye hati yako, na lile kufuli lililokatwa usilitupe wala kulibadilisha kabla mkadiria hajaliona. Ndilo shahidi wako kwamba mlango ulivunjwa.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi na kifungu kinachotajwa. Wewe unatakiwa kuonyesha kuwa wizi wa kuvunja umetokea na thamani ya kilichoibwa. Kampuni inayosema umekiuka sharti ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha hilo. Ukiona wamekuonea, kuna TIRA, wasimamizi wa bima wenye ofisi ya kanda Mbeya, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Nenda na hati, nakala ya fomu ya maombi na daftari la mlinzi. Kama nakala ya fomu huna, iombe kwa wakala wiki hii, kabla hujaihitaji.