Mstari uliolazwa chali

Desemba 2015, jarida la Marekani la National Review lilisambaza mtandaoni grafu ya wastani wa joto la dunia tangu 1880. Mhimili wake wa wima ulianzia nyuzi 10 chini ya sifuri hadi 110 za Farenhaiti. Mstari ukalala chali, kana kwamba hakuna kilichotokea kwa zaidi ya miaka 130.

Takwimu zilikuwa sahihi. Joto lilikuwa limepanda takriban nyuzi 1.4, lakini kwenye kipimo cha nyuzi 120 ongezeko hilo halifiki hata asilimia 2 ya kimo cha grafu. Wastani wa dunia nzima haubadiliki kama joto la mchana na usiku. Tofauti ya nyuzi chache tu za Selsiasi ndiyo iliyotutenga na enzi ya barafu.

Kumbe mhimili mrefu nao hupotosha.

Sharti la kuanzia sifuri ni la grafu ya nguzo, kwa sababu jicho hupima urefu wa nguzo. Kwenye mstari, jicho hufuata mwinuko. Hata hivyo, kukata mhimili kuna hatari yake: bei ikitoka shilingi 2,500 hadi 2,520, mhimili wa 2,495 hadi 2,525 utaichora kama mlima. Msomaji asome namba za pembeni kwanza, kisha aulize kitu hicho hupanda na kushuka kiasi gani siku za kawaida. Ikiwa bei hiyo huyumba shilingi 20 kila wiki, mlima huo ni wa mchoraji.