Unaongeza Kitu Kwa Picha ya Mtaa? Anza na Kivuli

Sema msee wa kinyozi hapo Umoja amekupa kazi ya posta. Picha ilipigwa saa kumi na moja jioni, jua linatoka kushoto, vivuli virefu vimelala kulia. Anataka stuli ya mbao mlangoni. Ikikaa imebandikwa, doo ya kazi utaisikia kwa redio.

Kwa Photoshop, usichore mahali pa stuli pekee. Generative Fill hubadilisha tu ndani ya alama uliyochora, kwa hivyo acha nafasi ya ardhi upande wa kulia, kivuli kipate pa kulala. Gusisha ukuta kidogo pia.

Sasa andika. Usianze na amri kama "niwekee". Taja kitu chenyewe, hali yake, mwanga, halafu aina ya picha:

```
worn wooden stool, low sun from left,
long shadow to right, casual phone photo
```

Ukiandika "studio light" hapo umejichoma, juu maneno yanapingana na jua la picha. Utapata stuli inang'aa pande zote kama ya katalogi.

Itakuletea stuli tatu uchague. Usiangalie mbao kwanza, angalia miguu. Kama kivuli hakijaanzia pale mguu unapogusa chini, stuli inaelea. Maneno yakiwa sawa na bado inaelea, panua alama upande wa kivuli, kisha bonyeza Generate tena.