Anza na Jibu, Ndipo Utunge Swali

Mwalimu wa historia akishamaliza mada, kazi inayomsubiri ni kutunga maswali ya mazoezi. Wengi wetu tunalifungua karatasi jipya, tunaandika swali lililotujia kichwani, halafu jioni tukiwa na rundo la madaftari mezani ndipo tunaanza kujiuliza jibu sahihi ni lipi. Nimefanya hivyo kwa miaka, na kila mara mwanafunzi ndiye aliyeumia. Njia iliyonyooka ni kugeuza kazi: toa hoja za kusahihishia kwenye notsi ulizowapa darasa, kisha tunga swali litakalozivuta hoja hizo.

Tuchukue mada inayofundishwa Tanzania na Kenya pia, Vita vya Majimaji. Tuseme notsi za darasa zinasema haya:

Tangu 1902 Wajerumani waliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya maakida na majumbe. Malipo yalikuwa duni, na mashamba ya chakula yalikosa mikono. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya dawa yaliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji. Wajumbe walioitwa hongo waliyapeleka maji hayo kwa Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na wengine, na baadaye yakawafikia Wangoni. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, Umatumbi, waling'oa pamba na vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905. Tarehe 30 mwezi huohuo wapiganaji waliishambulia ngome ya Mahenge, wakaangushwa na bombomu. Kisha majeshi ya Gavana von Götzen yalichoma mashamba na maghala, njaa ikaingia, na vita vikaisha 1907.

Anza na swali la jibu fupi. Swali linalokuja haraka ni hili: "Maji ya dawa yaliwaunganishaje watu dhidi ya Wajerumani?" kwa alama 3. Ukirudi kwenye notsi kutafuta hoja tatu, unakuta ya kwanza: maji yalivuka mipaka ya makabila, yakawapa watu wasio na mtawala mmoja jambo moja la kuamini. Unakuta ya pili: hongo waliyasambaza, hivyo ujumbe ukawa uleule kutoka sehemu moja hadi nyingine. Ya tatu ndiyo yenye mtego. Mkono unataka kuandika kwamba watu waliamini risasi zitageuka maji. Ni kweli, lakini hilo linaeleza ujasiri, wala halielezi umoja. Mtu anaweza kuwa jasiri peke yake. Ukiiacha hoja hiyo kwenye mwongozo, mwanafunzi aliyelisoma swali kwa makini ataiacha na kupoteza alama, na aliyekariri tu ataiandika na kuipata.

Hapo una njia mbili. Ama ushushe swali liwe la alama 2, ama ulibadilishe: "Taja mambo mawili yanayoonyesha kwamba maji ya dawa yaliwaunganisha watu, na jambo moja linaloonyesha kwamba yaliwapa ujasiri." Sasa kila alama ina mstari wake kwenye notsi, na unaweza kuuwekea kidole. Hicho ndicho kipimo ninachokitegemea. Hoja isiyo na mstari wa kuwekea kidole hujaifundisha, basi usiidai.

Swali la insha linataka zaidi. Katika mtihani wa Kenya wa kidato cha nne, swali la "eleza" kwa kawaida humpa mwanafunzi alama mbili kwa kila hoja iliyofafanuliwa, kwa hiyo sababu tano ni alama 10. Mgao huo unafaa hata kwa zoezi la darasani: alama moja kwa kutaja sababu, moja kwa kuonyesha ilivyofanya kazi. Tuulize: "Eleza sababu nne zilizofanya wapiganaji wa Majimaji washindwe." Alama 8.

Notsi zinatupa silaha bora za Wajerumani, dawa kushindwa kuzuia risasi, na kuchomwa kwa chakula. Hizo ni tatu tu. Wengi wangejaza nafasi ya nne kwa kugawa silaha mara mbili, "bunduki za kisasa" na "bombomu", na hapo hoja moja inalipwa mara mbili. Wengine wangeandika "kifo cha Kinjikitile". Angalia tarehe. Alinyongwa Agosti 1905, mwanzoni kabisa, na baada yake vita vilienea badala ya kuzimika. Mahenge ilishambuliwa baada ya kifo chake. Notsi zenyewe zinaikanusha hoja hiyo. Kama unataka sababu ya nne, rudi ukafundishe kwamba wapiganaji hawakuwa na amiri mmoja wala mpango mmoja wa vita, kila kundi likapigana kwenye eneo lake. Uiongeze kwenye notsi kwanza, kisha uiweke kwenye mwongozo.

Sasa tazama usahihishaji. Mwanafunzi anaandika: "Wajerumani walikuwa na silaha bora kuliko Waafrika." Ametaja, hajaeleza. Alama 1. Mwenzake anaandika: "Wajerumani walikuwa na bombomu, na pale Mahenge ziliwaangusha wapiganaji waliokuja kwa wingi uwanjani." Alama 2, kwa sababu tumeona silaha ikifanya kazi. Wa tatu anaandika: "Chakula kilichomwa, watu wakafa njaa." Anaonekana amemaliza, lakini amesimulia matokeo ya vita. Kushindwa kunaelezwa pale anapoongeza kwamba wapiganaji walikosa chakula, wakashindwa kuendelea kupigana. Mwongozo unapaswa kuandika tofauti hiyo wazi, la sivyo walimu wawili watatoa alama mbili tofauti kwa sentensi ileile. Ndiyo maana hupenda kumpa mwenzangu madaftari matatu asahihishe kwa mwongozo wangu bila kuona alama zangu. Tukipishana kwa zaidi ya alama moja, kasoro naitafuta kwenye mwongozo kabla ya kumlaumu mwanafunzi.

Njia hii ina mpaka wake. Notsi ni muhtasari wa mwalimu, na historia ni pana kuliko muhtasari. Uliza idadi ya waliokufa: makadirio ya Wajerumani wenyewe yalikuwa kama 75,000, ilhali wanahistoria wa baadaye wametaja hadi 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa. Notsi zikitaja namba moja tu, mwanafunzi aliyesikia nyingine kwa babu yake au kitabuni atakosa bila kosa. Kwa hiyo mwisho wa kila mwongozo ninaandika mstari mmoja: hoja nyingine iliyo kweli na inayojibu swali ipewe alama. Kisha hoja hiyo inaingia kwenye notsi za mwaka unaofuata. Masharti ni yote mawili, kuwa kweli na kujibu swali. Mwanafunzi anayeeleza vizuri ugumu wa kilimo cha pamba ameandika kweli tupu, lakini ameeleza kwa nini vita vilianza. Tulimuuliza kwa nini walishindwa.

Mwanafunzi anayejisomea anaweza kufanya kazi hiihii bila mwalimu. Achukue aya moja ya notsi, apige mstari chini ya kila jambo linaloeleza "kwa nini" au "vipi", ahesabu mistari, na hesabu hiyo ndiyo alama za swali lake. Kesho yake afunge daftari ajibu, kisha alifungue na kuweka kidole kwenye kila mstari alioutaja. Mstari uliobaki bila kidole ndio wa kusoma tena.