Umegusa Mara Sita, Benki Inaonyesha Mstari Mmoja

Anayehamia London kutoka Mombasa au Dar es Salaam huzoea upesi kugusisha kadi ya benki kwenye mashine ya njano akipanda basi. Kinachompa taabu ni taarifa ya benki. Kutwa amepanda mabasi sita, lakini TFL TRAVEL CH, jina ambalo mamlaka ya usafiri ya jiji hilo (TfL) hutumia, linaonekana mara moja tu, na pesa iliyokatwa ni ya safari tatu.

Mashine ile haikati nauli papo hapo. Inasoma kadi, inaandika saa, basta. Siku ikiisha, kompyuta za TfL hukusanya miguso yote ya kadi hiyo, zikapiga hesabu na kuidai benki jumla mara moja. Ndiyo maana mchana unaweza kukuta peni 10 kwenye miamala inayosubiri. Hiyo si nauli. Ni TfL inaiuliza benki kama kadi iko hai. Baadaye peni hizo hutoweka, na mahali pake pakaja jumla ya siku.

Tumchukue Asha, mfanya usafi wa ofisi, na nauli ya basi ya pauni 1.75 iliyoanza 2023. Jumanne anagusa saa 10:15 alfajiri akienda kazini. Anarudi saa 2:10 asubuhi, na saa 2:45 anaunganisha basi jingine. Saa 9 alasiri anakwenda kumchukua mtoto, saa 12 jioni anatoka kwenda dukani, na saa 3 usiku anarudi nyumbani. Miguso ni sita.

Ule wa saa 2:45 ni bure, kwa kuwa ndani ya saa moja tangu mguso wa kwanza mabasi mengine hayalipiwi. Wa saa 3 usiku nao ni bure: nauli za basi kwa siku zina kikomo, nacho ni sawa na safari tatu, pauni 5.25, na Asha ameshakifikia. Na ule wa alfajiri? Umeingia Jumatatu. Siku ya TfL huanza saa 10:30 alfajiri na kuishia saa kama hiyo kesho yake, kwa hiyo anayepanda basi robo saa kabla bado yumo katika jana. Kama Jumatatu Asha alilipia safari mbili, taarifa itamwonyesha pauni 5.25 kwa siku anayokumbuka safari mbili tu, na wafanyakazi wa alfajiri wengi hudhani hapo wameibiwa.

Dukani mambo ni tofauti. Kila mguso ni muamala wake, na kila mmoja huja na mstari wake, pengine kwa jina la kampuni inayomiliki duka badala ya jina lililo mlangoni.

Huko dukani ndiko vikomo vinakobana. Uingereza mguso mmoja ulianza 2007 ukiwa mwisho pauni 10. Kikomo kikawa kinapandishwa, hadi pauni 45 Aprili 2020 wakati wa korona, kisha pauni 100 Oktoba 2021. Lakini kulikuwa na kikomo cha pili kisichoonekana kwa urahisi. Kanuni za 2021 ziliitaka benki iombe namba ya siri kila baada ya miguso mitano mfululizo, au jumla ya miguso inapofika pauni 300; benki ilichagua njia mojawapo. Chini ya kanuni hizo, Asha akiambiwa aingize kadi kwa kahawa ya pauni 4, kadi haina ubovu. Hesabu imefika mwisho, na akishaingiza namba ya siri inaanza upya. Mashine za basi na milango ya treni zimesamehewa sharti hilo, kwa sababu hakuna pa kubonyeza namba na foleni ingefika barabarani.

Simu haibanwi hivyo, maana uso au kidole tayari kimethibitisha mwenyewe, ingawa maduka mengine yameweka kikomo chao. Ila simu ina mtego wake. Kadi ikishawekwa kwenye simu hupewa namba nyingine, na TfL huziona kama abiria wawili hata kama pesa inatoka akaunti moja. Asha akigusa kwa kadi asubuhi na kwa simu jioni, kila moja huhesabiwa kikomo chake, na basi la kuunganisha ndani ya saa moja hulipiwa tena.

Dalili yake ni mistari miwili ya TFL TRAVEL CH kwa siku moja. Akisajili vyote viwili kwenye akaunti ya TfL ataona kila mguso, saa yake na nauli yake, na atajua ni upi uliofanywa kwa kipi. Benki haiwezi kumwonyesha hayo, kwani yenyewe ililetewa jumla tu.