Muuguzi amuulize vipi mgonjwa anayekunywa?

Pombe kwetu ni haramu, ndiyo maana mgonjwa Mwislamu huificha hata kwa muuguzi. Akihubiriwa, hufunga mdomo na kurudi nyumbani na presha yake. Mazungumzo yanayofaa ni ya dakika chache tu, na huanza kwa kuomba ruhusa. Nayaona hivi:

"Baba, waniruhusu nikuulize kuhusu mnazi?"

"Uliza, sista."

"Wanywa siku ngapi kwa wiki, na kiasi gani?"

"Siku nne. Chupa tatu kila siku."

"Pombe hupandisha presha, hata ukimeza dawa. Kutoka 0 hadi 10, kupunguza kuna umuhimu gani kwako?"

"Tano."

"Mbona si mbili?"

"Naogopa kupooza. Watoto bado wasoma."

Hapo sababu ameitoa mwenyewe. Angeulizwa mbona si kumi, angejitetea. Sasa muuguzi amuulize ataanza na hatua gani, kisha ampe tarehe ya kurudi kupimwa presha.

Lakini anayekunywa kila siku na kuamka akitetemeka asiambiwe aache ghafla, kwani aweza kushikwa na kifafa. Huyo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.